Moyo unakimbia na volkano haijalipuka: namna ya kushika stresi yako, hatua kwa hatua

Ile jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, usiku ndio ulikuwa unaingia, nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nyumba yetu kule Majengo, mjini Goma, mbingu yote nyekundu upande wa Nyiragongo, na mimi natafuta ufunguo wa kufuli. Natafuta mfukoni, natafuta juu ya dirisha, napiga kelele "nani alichukua ufunguo", kumbe ufunguo uko mkononi mwangu, nimeufinya mpaka umeacha alama kwenye kiganja. Yaya yangu alikuwa ndani mbele ya mbabula, haongei, hatembei, anaangalia tu maharagi inachemka. Mtoto wake wa mwisho anamvuta kitenge, yeye hasikii.

Leo nafanya kazi ya APS, kusikiliza watu wenye wamepita kwenye mambo mazito, na kila wiki kuko mtu anakuja na moyo unakimbia namna ile ile ya usiku wa volkano, lakini hakuna volkano. Kuko simu ya mtu mwenye anamudai, ama bayana ya minervali kwenye daftari ya mtoto. Mwili wake unafanya kazi ile ile. Nataka nieleze hapa namna ya kuisoma hiyo hali na kuishusha, na nitatumia mambo ya yaya yangu juu yeye alikubali, na juu yake yeye niliona kila kitu kwa karibu kuanzia mwezi wa tano mpaka mwaka uliofuata.

Hatua ya 1: tambua kengele ya mwili

Mtu mwenye alitoa jina la hii hali ya "pigana ama kimbia" ni Walter Cannon, mwalimu wa Amerika, alieleza mambo hayo mwaka 1915. Zamani alikuwa anachunguza tumbo ya paka kwa mashine ya radio, ile ya kupiga picha ya mifupa, na akaona kitu: paka akikasirika ama akiogopa, tumbo yake inaacha kusaga chakula, inasimama kabisa. Njo alianza kujiuliza hiyo nguvu ya kusaga inaenda wapi.

Inaenda kwenye miguu na mikono. Ubongo ukiona hatari, unapiga simu ya haraka kwa mishipa ya fahamu, na tezi mbili ndogo zenye zinakaa juu ya mafigo zinamwaga adrenalini ndani ya damu. Hiyo ni sekunde tu. Moyo unakimbia, pumzi inakuwa ya haraka, ini inatoa sukari, damu inahama kwenye tumbo na kwenye ngozi inaenda kwenye misuli mikubwa. Njo maana mdomo unakauka, tumbo inakamata, unatoa jasho la baridi na unasikia mkojo. Macho inafunguka lakini inaona kitu kimoja tu, njo maana mimi sikuona ufunguo wenye niko nao mkononi. Na yaya, yeye hakupigana wala hakukimbia, aliganda. Kuganda nako ni jibu la mwili, si ujinga na si uvivu, tafadhali musimupige mtu kofi juu ameganda. Mimi nilimushika mkono, nikamwita jina mara mbili, polepole, nikamwambia "beba mtoto", kitu kimoja tu, na akabeba.

Kisha kuko wimbi la pili lenye linachelewa kidogo. Ubongo unatuma ujumbe kwa damu mpaka kwenye hizo tezi, na zinatoa kortizoli, yenye inafika juu kabisa kama dakika 20 mpaka 30 kisha jambo kuanza, na inachukua saa moja ama zaidi kushuka. Shika hii, juu ina matumizi: adrenalini inaweza kupungua ndani ya dakika chache kama hatari imepita, lakini kortizoli bado iko. Kwa hiyo unaweza kuona moyo umetulia, unafikiri uko sawa, unapiga simu kwa mwenye anakudai na unaongea maneno yenye utajutia kesho.

Hatua ya 2: shusha mwili mbele ya kufikiri

Kwanza jiulize kama hatari iko hapa na sasa. Kama lava inashuka, kama risasi zinalia, usikae kuhesabu pumzi, toka. Mwili umetengenezwa kwa kazi hiyo na unajua.

Lakini kama hatari iko ndani ya simu ama ndani ya kichwa, fanya hivi. Keti, weka miguu yote miwili chini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, halafu toa polepole ukihesabu mpaka 6. Pumzi moja ni sekunde 10, kwa hiyo pumzi 30 ni dakika 5. Kazi kubwa iko kwenye kutoa: ukitoa pumzi polepole ule mshipa mrefu wenye unashuka kutoka kichwa mpaka tumboni unapunguza mapigo ya moyo. Watu mingi wanakosea hapa, wanavuta kwa nguvu sana kama mtu mwenye anataka kuzama ziwani, wanajaza kifua, wanaanza kusikia kizunguzungu na vidole vinawasha, wanasema "unaona, inanizidisha". Ikitokea hivyo umevuta mingi kupita kiasi, punguza, vuta kidogo tu.

Kama miguu inataka kutembea, iachie. Sukari iko kwenye damu, misuli inangoja kazi. Panda kutoka nyumbani mpaka barabara kubwa na urudi, ama chota maji. Na ule uamuzi mkubwa, ile simu, ile barua, uiweke kando mpaka nusu saa ipite.

Hatua ya 3: jibu maswali mawili yenye mwili tayari umeshajibu bila kukuuliza

Hapa njo penye mimi nasimamaga sana na watu.

Usiku ule wa tarehe 22, parseli yetu ilikuwa na nyumba tatu. Mama jirani, nyumba yake iliungua mwaka 2002 wakati lava ilipita katikati ya mji, alitoka wa kwanza, kabegi kake kalikuwa tayari nyuma ya mlango miaka yote. Alikuwa anaogopa lakini alikuwa anatembea sawa sawa, anaita watoto kwa majina. Vijana wa chumba cha nyuma, wao hawakuona 2002, walikuwa wanapiga video na simu, wanacheka karibu. Na yaya akaganda. Moto ule ule, barabara ile ile, miili mitatu tofauti. (Lava ilisimama Buhene, haikufika kwetu, lakini usiku ule hakuna mtu alijua.)

Richard Lazarus na Susan Folkman, mwaka 1984, walieleza vizuri sababu. Stresi haitoke kwenye jambo peke yake, inatoka kwenye namna mtu analipima. Na anapima kwa maswali mawili. La kwanza: hii kitu inanihusu? Kama inanihusu, ni hasara yenye imeshatokea, ni tisho yenye inakuja, ama ni mtihani wenye naweza kupata faida ndani yake? La pili: niko na nini mkononi ya kufanya? Pesa, watu, ujuzi, muda, nguvu. Mama jirani alipima tisho kubwa kushinda vijana, lakini swali la pili alikuwa na jibu: begi, njia, mahali pa kwenda. Yaya alipima tisho kubwa na swali la pili likarudi bila jibu lolote.

Kuko utafiti mmoja napenda kuueleza watu. Mwalimu John Mason alitaka kujua kama njaa peke yake inapandisha zile homoni za stresi kwa nyani. Nyani wenye walinyimwa chakula huku wanaona wengine wanakula, homoni ilipanda. Lakini wenye walipewa vidonge vitamu bila chakula ndani, tumbo limejaa kitu lakini hakuna lishe, homoni haikupanda. Njaa ya mwili ilikuwa ile ile. Chenye kilikosa ni ile kuona kwamba "ninanyimwa".

Sasa usichukue hii ukaenda kumwambia mtu "stresi yako iko ndani ya kichwa tu, badilisha mawazo". Hapana. Kama deni iko, iko. Kupima si kujidanganya, ni kujibu yale maswali mawili kwa ukweli, kwa karatasi, juu mwili unayajibu kwa haraka na kwa giza, na mara mingi unajibu lile la pili vibaya.

Hatua ya 4: andika, halafu gawa

Tarehe 27 Mei serikali ilitoa amri watu wa sehemu mingi za mji watoke, na sisi tukaenda Sake kwa miguu. Tuliporudi mwezi wa sita, mabunda mawili ya vitenge vyenye yaya alikuwa anauza yalikuwa yameibiwa. Mpaka mwezi wa tisa alikuwa anaamka saa tisa za usiku kila siku, tumbo inamuuma, anapigia watoto kelele kwa kijiko chenye kimeanguka. Na alikuwa anazima simu kila mara mwenye depo ya vitenge, mwenye anamudai, anapiga. Siku nne simu imezimwa. Anasema "niko na deni mingi sana, siwezi".

Nikamuuliza, mingi ni ngapi? Hakujua. Kweli hakujua, alikuwa anabeba "mingi" miezi mitatu bila kuihesabu. Tukachukua daftari ya shule ya mtoto, tukapiga mistari.

Upande wa kushoto tuliandika kila kitu chenye kinamwamsha usiku. Mwenye depo ya vitenge, dola 350. Likelemba, dola 100 zenye hajaweka. Minervali ya watoto watatu, dola 150. Vitenge vyenye viliibiwa. Matetemeko, juu kila dirisha likilia anafikiri imeanza tena. Madeni yote ilikuwa dola 600. Nilimuona anaangalia hiyo 600 muda mrefu, kisha akasema "nilifikiri ni elfu moja na zaidi".

Katikati tuliandika ni kitu gani: hasara, tisho, ama mtihani. Vitenge vilivyoibiwa ni hasara, imeisha, polisi hawatavirudisha. Madeni ni tisho. Upande wa kuume, niko na nini: vitenge vyenye vinabaki vya kama dola 280 akiviuza vizuri, dola 40 cash, mwanamke mmoja wa likelemba mwenye anamupenda, na miaka 8 ya kununua kwa ile depo bila kukosa kulipa.

Hiyo ya mwisho yeye hakuiandika, niliiandika mimi. Mtu mwenye stresi ya muda mrefu hawezi kuona vitu vyake mwenyewe, njo maana ni vizuri kufanya hii kazi na mtu mwingine mwenye hashiriki deni.

Kisha tukagawa. Kila mstari unauliza: naweza kuigusa? Kama ndiyo, dawa yake ni kitendo. Kama hapana, dawa yake ni kutunza moyo. Ukichanganya hizi mbili, kazi inaharibika. Watu mingi wanafanya kinyume: deni yenye inaweza kuongewa wanaipelekea maombi tu na bia, na tetemeko lenye hawawezi kulizuia wanalikesha usiku kucha kama walinzi.

Kwa madeni alifanya vitendo. Aliwasha simu, na kesho yake asubuhi akaenda mwenyewe kwenye depo na dola 40, akasema maneno yenye tulikuwa tumeyarudia nyumbani: "Papa, sikukimbia, niliibiwa. Nitaleta 50 kila mwisho wa mwezi." Mara 7 ni 350. Papa alinuna, akasema angalau ungepiga simu, halafu akakubali na zile 40 akamwambia rudi nazo uanze kuuza. Kwenye likelemba alibadilisha zamu na yule rafiki. Shule ilikubali minervali kwa transhi tatu. Hakuna kitu cha ajabu pale, na si kila mwenye kudai atakubali, kuko wenye watakataa na utalazimika kurudi kwenye karatasi. Lakini mtu mwenye simu imezimwa hawezi hata kujua.

Kwa vitenge vilivyoibiwa hakukuwa na kitendo. Pale alilia, na nikamuachia alie, juu hasara inataka kulia na kusimuliwa. "Vumilia, wengine walikufa" ni maneno ya kumnyamazisha mtu, haimsaidii. Alisimulia kanisani kwa wamama wa kwaya, mara tatu ama ine, na kila mara hadithi ilikuwa inafupika.

Kwa matetemeko, kuko sehemu ndogo yenye inaguswa: begi nyuma ya mlango kama mama jirani, makaratasi ndani ya nailoni, kukubaliana na watoto njia ya kupita. Akiisha hapo inabaki pumzi 30 tu.

Hatua ya 5: angalia uko kwenye kiwango gani

Mwaka 1936 Hans Selye, kule Montreal, alitoa barua fupi katika gazeti la sayansi. Alikuwa anachoma panya sindano za vitu mbalimbali, anatafuta homoni mpya, na akaona kwamba hata akichoma kitu gani, hata akiwaweka kwenye baridi, ndani mwao anakuta mambo matatu ile ile: zile tezi za juu ya figo zimekua, tezi za kinga zimekauka, na tumbo iko na vidonda. Akasema mwili unapita viwango vitatu.

Cha kwanza ni kengele, ile ya usiku wa tarehe 22. Cha pili ni kustahimili: mwili umezoea, mtu anafanya kazi, anacheka, kwa nje yuko sawa. Miezi ya sita na ya saba yaya alikuwa pale, na sisi wote tulikuwa tunasema "huyu mwanamke ni ngumu kama jiwe". Hiki njo kiwango chenye kinadanganya. Mashine bado inazunguka kwa nguvu, mafuta inaungua, ila kelele imepungua. Ishara zake ni ndogo: usingizi unakatika saa ile ile kila usiku, mafua haiishe, unasahau vitu, hasira iko karibu, unahitaji kahawa kuamka na bia kulala. Cha tatu ni kuchoka kabisa, mwili unaangushwa na kitu kidogo. Mwezi wa tisa alikuwa anaingia pale.

Kuna vitu viwili vya Selye vyenye leo tunavielewa tofauti. Aliona kwamba kila shida inaleta jibu moja, lakini nyani za Mason zinaonyesha kupima kuko na kazi yake. Na kuchoka si kwamba tezi imeisha homoni kama dumu la mafuta. Ni ule moto wenyewe, ukiwaka muda mrefu, unaharibu. Kwa hiyo usinunue vidonge vya "kujaza nguvu ya figo" vyenye wanauza barabarani. Na usiseme kila tumbo ni stresi: vidonda vya tumbo kwa watu, mara mingi ni bakteria ama dawa za maumivu za kumeza kila siku, na bakteria inatibiwa. Yaya alipimwa, alikuwa nayo, akapewa dawa.

Chenye unafanya kinategemea kiwango. Kwenye kengele, pumzi na kutembea. Kwenye kustahimili, karatasi, haraka, mbele nguvu haijaisha. Kwenye kuchoka, usianze na karatasi, mtu hawezi hata kujumlisha. Anza na usingizi: saa ile ile ya kulala na kuamka, hakuna kahawa kisha saa sita ya mchana, hakuna bia ya kulalia juu inakulaza na inakuamsha katikati ya usiku, na mtu mwingine abebe watoto siku mbili tatu. Sisi tulifanya hivyo wiki moja kwanza, njo tukafungua daftari.

Na kuko wakati wa kuacha haya yote na kwenda kwa muganga. Maumivu ya kifua yenye inabana na kushuka kwenye mkono ama kupanda kwenye taya, enda ile ile saa, usihesabu pumzi. Mawazo ya kujiua, mtu asibaki peke yake hata dakika, apelekwe siku ile ile. Ndoto mbaya na kuruka kwa kila sauti zenye zinapita mwezi mmoja kisha jambo, ama wiki mbili mtu halali, hali, hapendi kitu, hapo anahitaji mtu mwenye amesomea, na karatasi yangu haitoshi.

Deni ya depo iliisha mwezi wa tatu 2022. Yaya anaamka bado saa tisa, siku moja moja, dirisha likilia. Ananiambia anaweka miguu chini, anahesabu pumzi zake 30, anagusa begi nyuma ya mlango kwa mkono kwenye giza, kisha anarudi kulala.